Kreatini: nijaze kwa gramu 20 au niende pole pole? Ligi yaanza wiki sita zijazo

WingaMalindi
Salaam aleikum wana ukumbi. Nina kilo 70, nacheza winga, na jimu naingia mara tatu kwa wiki. Nimenunua kopo la kreatini monohidreti la gramu 300. Maandishi ya kopo yanasema wiki ya kwanza ninywe gramu 20 kwa siku, halafu 5. Jimu kuna wawili wanabishana: mmoja asema bila kujaza ni kutupa pesa, mwingine asema nikijaza nitafura uso. Mchezo wangu ni mbio, sitaki kubeba uzito wa bure. Ligi yaanza baada ya wiki sita. Nishike njia gani?

ChumaTupu
Jaza, ndugu yangu. Kreatini haifanyi kazi mpaka misuli ishibe, na gramu 3 kwa siku hazishibishi msuli kamwe. Piga 20 kwa siku tano au sita. Kuhusu kufura, punguza maji ya kunywa siku hizo na chumvi uache.

MamaDawa_Shela
Aleikum salaam mwanangu. ChumaTupu amesema kweli nusu. Ni kweli msuli lazima ushibe ndipo uone faida. Lakini gramu 3 kila siku zinaufikisha palepale, ila huchukua kama wiki nne badala ya wiki moja. Jambo hili lilipimwa tangu 1996: waliojaza kwa gramu 20 siku sita na waliokunywa gramu 3 kwa siku 28 waliishia karibu kiwango kimoja. Kinachotofautiana ni muda wa kufika.

Sasa tazama kalenda yako. Una wiki sita. Ukianza leo kwa gramu 3 hadi 5, wiki ya nne umeshiba na bado una wiki mbili za mazoezi kabla ya mechi ya kwanza. Kujaza kungekufaa kama mechi ingekuwa baada ya siku kumi.

Tazama na kopo lenyewe. Ukijaza siku sita umemaliza gramu 120, zimebaki 180, na kwa gramu 5 zinakwisha siku 36 baadaye. Kopo zima siku 42, yaani linakwisha ligi inapoanza. Kwa gramu 3 tangu mwanzo, kopo hilohilo ni siku 100.

Hilo la kupunguza maji sikubaliani nalo hata kidogo, na hasa kwa joto letu hili. Kunywa maji yako ya kawaida.

WingaMalindi
Shukran mama. Na kufura je? Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

MamaDawa_Shela
Kreatini ikiingia ndani ya msuli huvuta maji yaingie nayo. Anayejaza huenda akaongezeka kilo moja au mbili ndani ya wiki ya kwanza, na sehemu kubwa ni maji hayo, si nyama wala mafuta. Anayekwenda pole pole hupata ongezeko dogo lililotawanyika mwezi mzima, na wengine hata hawalioni kwenye mizani. Maji hayo mengi yamo ndani ya msuli, kwa hivyo hayaleti uso wa mviringo. Mtu akiamka uso umejaa, na aulize kwanza jana usiku alikula achari na viazi karai kiasi gani.

Lakini shika hili: ukibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole na shimo likabaki, hiyo si kreatini. Acha kopo uende hospitali.

Wewe winga, kilo moja ya ziada si kitu cha kudharau, ila mchezo wako ni mbio fupi fupi zinazorudiwa, na hapo ndipo kreatini husaidia. Mkimbiaji wa masafa marefu angekuwa na hesabu nyingine. Bondia anayepimwa uzito wiki ijayo, asijaze kabisa.

Mkunguni_Lamu
Mimi nalitumia hilo na tumbo lanienda mbio kila siku. Natia kijiko kikubwa kimejaa kwenye glasi ya maji baridi, nafunga macho, nashusha. Kuna kreatini feki siku hizi?

MamaDawa_Shela
Huenda si feki, kakangu. Lita moja ya maji yasiyo ya moto inayeyusha kama gramu 14 tu. Glasi ya robo lita, basi, haifiki hata gramu 4. Wewe wateremsha kijiko kikubwa, labda gramu 10 au zaidi, na nyingi ni mchanga ulio chini ya glasi. Mchanga huo ukifika utumbo bila kuyeyuka unavuta maji, na hapo ndipo mbio zako. Dozi ya gramu 10 kwa mkupuo inajulikana kuharisha watu zaidi kuliko 5.

Tia gramu 3 katika kikombe cha maji ya vuguvugu au chai ya rangi, koroga mpaka usione punje, kunywa baada ya chakula. Usiikoroge kwa maji ya ndimu ukaiacha kutwa nzima, kwa maana ndani ya maji yenye ukali inaharibika kidogo kidogo. Na kijiko usikiamini. Kipeleke mara moja kwa sonara akupimie kwenye mizani yake, ujue kijiko kimoja cha kufutwa ni gramu ngapi.

BintiAmu
Mimi sitaki misuli. Kakangu ana presha na anakunywa vidonge vya kukojoa, kipimo cha figo kimerudi na kreatinini imepanda. Anatumia hii poda. Ndiyo imemharibu figo?

MamaDawa_Shela
Pole sana. Haijulikani kutoka hapa, na usikubali mtu akwambie anajua. Kreatini mwilini hugeuka kreatinini, kwa hivyo mtumiaji mwenye figo nzima huweza kuonyesha namba ya juu kidogo, na hesabu ya figo ikaonekana mbaya kuliko ilivyo. Lakini mwenye presha na vidonge vya kukojoa ana sababu nyingine za figo kuchoka. Aache poda sasa, amwambie daktari alikuwa akiitumia, arudie kipimo baada ya wiki chache. Daktari anaweza pia kuagiza kipimo kingine cha figo, sistatini C, ambacho hakiguswi na kreatini, na kupima protini kwenye mkojo.

Na wengine mnaosoma: mwenye ugonjwa wa figo, mwenye figo moja, au anayekula dawa za maumivu kama dikilofenaki kila siku, bora apite pembeni mpaka aongee na daktari. Mjamzito na anayenyonyesha pia, kwa kuwa ushahidi wa usalama wao bado ni mchache.

ChumaTupu
Sawa, ya maji nimekubali. Lakini bado nasema kujaza kunatia moyo, mtu anaona tofauti wiki moja na haachi.

Mkunguni_Lamu
Na sisi tunaokula samaki kila siku, twaihitaji kweli?

MamaDawa_Shela
Swali zuri. Jodari mbichi ana takriban gramu 4 kwa kilo, na kupika kunapunguza, kwa hivyo gramu 3 ni zaidi ya nusu kilo ya jodari kwa siku. Mla samaki mwingi huwa ameshiba nusu ya njia na huona faida ndogo kuliko asiyekula nyama wala samaki. Wapo wasioona tofauti yoyote hata wakijaza. Atakayejaribu miezi miwili bila kuongeza hata rudio moja kwenye chuma, pesa yake anunulie nguru.

WingaMalindi
Nimeamua gramu 3 baada ya chakula cha usiku. Ramadhani ikiingia, niipeleke futari au daku?

MamaDawa_Shela
Yoyote kati ya hizo. La muhimu usikose siku, na ukiikosa moja usiilipe kwa dozi mbili.

ChumaTupu
Daku, mimi ningesema daku.