Hita imeungua, mwenye nyumba asema nimeiua mimi, na mke wangu yuko arubaini

BabaSiti_Kiembeni:

Jamani nimechoka, wacha niyatoe hapa maana nyumbani nikiyaanza tena mamangu atanifukuza. Niko Kiembeni, vyumba viwili, kodi elfu 22. Nilipoingia mwaka jana mwezi wa nane nilikuta shawa ya moto ishafungwa bafuni, ile ya instanti, keateka akaniwashia mwenyewe nikaweka mkono nikaona kweli yachoma. Nikalipa.

Maji ya mfereji hapa yaja yakitaka, yakikosa mwenye nyumba alikuwa aleta boza. Mwezi wa pili akaona boza zamla pesa, akachimba kisima nyuma ya jengo, tangi za juu zote sai zajazwa hayo. Walahi sabuni haitoi povu, chai nayo kama umeichota Bamburi bichi. Hatukulalamika, maji ni maji. Kama baada ya wiki sita nikaanza kutekenywa na umeme kila nikishika koki ya bafuni, nikadhani ni mimi tu, mpaka siku moja usiku nikasikia paa! harufu ya plastiki, maji yakaja baridi.

Nampigia asema, "Nilikupa nyumba na hita nzima, imefia mikononi mwako, nunua." Meseji hajibu. Miezi miwili hii! Na hapo katikati mke kajifungua, mama kaja kumkanda, na nyote mwajua mzazi hakandwi kwa maji ya vuguvugu. Sasa mtu mzima wa miaka 63 abeba ndoo ya maji yanayochemka kutoka jikoni mpaka bafuni asubuhi na jioni, juzi yakamrukia mguuni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 uliokuwa ukitupeleka mwezi na zaidi sai hata wiki mbili haumalizi.

Nilileta fundi wa mtaa akafungua kifuniko. Koili imekatika katikati, kipande kilichobaki kimevaa ganda jeupe kama magadi, na pale waya zinapofungwa pamekuwa kijani. Hiyo ni mikono yangu? Nikinunua nikate kwenye kodi ya mwezi ujao kuna kosa?

Kaskazi01:

Mombasa na joto lote hili wataka hita ya nini bana 😂 wengine tunatafuta barafu

BabaSiti_Kiembeni:

Soma tena polepole, ukifika palipoandikwa arubaini simama.

MamaTatu:

Pole mwanangu. Mimi nilipokuwa Tudor nyumba ilikuja na jiko la gesi la kusimama, lile la oveni. Vichomeo vikala kutu, mwenye nyumba akanizungusha mwaka mzima. Nikanunua jengine langu, lile bovu nikampa mzee wa vyuma kuukuu. Siku ya kuhama kanishika shati, jiko langu li wapi? Akakata dipoziti nzima! Kwa hiyo hiyo hita iliyoungua usiitupe hata iwe imeoza, iweke ndani ya karatasi juu ya kabati.

Kibarazani_Mvita:

Mpeleke kwa baraza la kodi, Rent Restriction Tribunal, hao kazi yao ni wapangaji na wenye nyumba. Wamwandikia barua tu ataleta hita mbio.

Dada_wa_Majalada:

@Kibarazani_Mvita baraza lipo kweli lakini sheria yake ni ya nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa elfu 22 hawatamsikiliza.

BabaSiti, toa mkataba wako usome palipoandikwa matengenezo. Mingi huweka kwamba mpangaji atalipia alichoharibu yeye, isipokuwa uchakavu wa kawaida, na hapo ndipo kesi yako ilipo. Hita haikuzeeka tu, yeye ndiye aliyebadilisha maji. Meseji ya keateka ya kutangaza kisima unayo? Hiyo ndiyo dawa, ina tarehe. Iweke pamoja na picha za koili, umwandikie kwa maneno ya adabu, umpe siku ya kujibu.

Na kodi USIKATE mpaka akubali kwa maandishi, hata wasap yafaa. Ukikata kwa nguvu umekuwa mdaiwa, na mwenye nyumba anayedai kodi sheria yamruhusu kukuletea dalali abebe vitu. Hapo utakuwa wazozana kuhusu friji, hita imesahaulika.

Fundi_Waya:

Kabla ya kugombania nani anunue, umeizima breka? Huko kutekenywa si mchezo. Koili za shawa nyingi ziko uchi ndani ya maji. Maji matamu hayapitishi umeme mwingi, ya chumvi yapitisha vizuri sana, kwa hiyo umeme watoka kwenye koili unafuata maji mpaka mwilini. Kama athi ingekuwa imefungwa sawa ungepita huko ukaingia ardhini, wewe usingeshtuka hivyo. Kwa hivyo una makosa mawili hapo, maji na athi, na la athi ni la aliyefunga.

Hizo dalili ulizoeleza, ganda jeupe na kijani, ni chumvi kabisa. Kama ingekuwa waya nyembamba ama skrubu imelegea ungekuta terminali nyeusi na plastiki ya waya imekauka kama biskuti. Shawa ya wati 5,500 yavuta kama ampea 23, waya wa soketi wa 2.5 sijauamini hapo, mimi natia 4 ama 6.

Lakini nikuulize, na usikasirike. Ile chemba ya plastiki ndani imeyeyuka? Maana ikiwaka bila maji huyeyuka, na hapo mwenye nyumba atapata pa kukushikia.

BabaSiti_Kiembeni:

Breka nimezima sai hivi. Chemba imejikunja kidogo upande mmoja, nimeangalia na tochi ya simu. Na nitasema ukweli, kuna siku tangi liliisha nikiwa na sabuni machoni, sikuizima upesi. Lakini hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na ikaendelea kufanya kazi miezi mingine mingi!

Fundi_Waya:

Sasa hapo siwezi kukuapia bila kuiona. Ganda lanambia chumvi, kujikunja kwaweza kuwa ni siku ile. Yote mawili yaweza kuwa kweli.

Kaskazi01:

Aa kumbe mke kazaa, hongereni, samahani ndugu yangu sikusoma.

BabaSiti_Kiembeni:

Yaliyojiri. Nimetuma picha na ile meseji ya keateka ya kisima kama dada alivyosema. Baada ya saa mbili kanipigia mwenyewe, sauti imeshuka, ati tugawane nusu kwa nusu. Sijajibu bado, alasiri keateka akaja na boksi jipya. Nalisoma, ni ileile ya maji matamu!! Namwambia hii haitafika Ramadhani, yeye asema kaambiwa afunge tu nimtilie sahihi kwamba nimepokea.

Sijatia. Boksi liko sebuleni, mama kalifanya meza ya chai.

Fundi_Waya:

Usifungue. Peleka dukani na risiti, wabadilishe na ile ya maji ya chumvi, koili yake imefunikwa haigusani na maji. Yazidi bei kidogo, hiyo tofauti ndo mgawane. Na athi waniite mimi ama mwengine, lakini ifungwe kabla, si baada.

BabaSiti_Kiembeni:

Risiti anayo keateka na simu yake kazima.