Tupeane uzoefu: kumtambulisha kiongozi wa dini kwenye mkutano wenye watu wa dini mchanganyiko

Mwana wa Chake
Assalaam alaykum na habari za jioni wana jukwaa. Shehia yetu huku Chake Chake tuna mkutano wa kupinga udhalilishaji wa watoto, ukumbi ni wa skuli, wazee wa msikiti watakuwepo, wa kanisani watakuwepo, sheha ndo anafungua. Mzungumzaji mgeni ni padri na mimi nimepewa kazi ya kumkaribisha. Mwenyewe Muislamu, nataka nimpe heshima yake yote bila ya kusema kitu ambacho si imani yangu na bila ya kumfanya ajione kachomekwa tu kwenye ratiba. Waliokwisha kushika maiki kwenye mikusanyiko kama hii tupeni mliyoyaona.

Bi Mkunazini
Mwanangu hongera, hiyo kazi ndogo lakini inaweza kuharibu mkutano wote. Mie nimekaa kwenye kamati za mikutano hii muda mrefu, na jambo la mwanzo ni kumpigia mgeni simu kabla, usitegemee barua ya mwaliko, maana barua nyengine hunakiliwa ya mwaka juzi na cheo kishabadilika. Muulize anataka jina lake lisomwe vipi, ana wadhifa gani sasa hivi na yuko wapi, halafu muulize kuna jambo lake lolote asilotaka liguswe. Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuliuliza na ndilo linalookoa.
Nakupa kisa. Mkutano mmoja hapa mjini alialikwa mchungaji azungumze mambo ya vijana na madawa. Kijana aliyemtambulisha alikuwa na nia njema kabisa, akataka kuonesha tupo pamoja, akasema "huyu zamani alikuwa mwenzetu, kazaliwa kwenye nyumba ya Kiislamu". Basi pale pale ukumbi ukabadilika. Wazee wa mstari wa mbele wakaanza kunong'onezana, mgeni akaangalia karatasi yake hata hakunyanyua uso, na maswali yalipofunguliwa hakuna alouliza madawa, watu wanauliza kwa nini katoka. Nusu saa imepotea hivyo. Mtu kaingia au katoka dini gani si habari ya kutambulishwa, hata kama mtaa mzima unajua.

Abuu Sabra
Bi Mkunazini umesema kweli. Ila kwenye vyeo jambo jepesi tu, akiwa Mkatoliki ni padri, madhehebu mengine yote ni mchungaji. Ukishika hilo hukosei.

Bi Mkunazini
Abuu, nusu yake sawa. Walutheri na Wapentekoste ndo mchungaji, lakini Waanglikana wa hapa kwetu Unguja nao wana padri, ukienda Mkunazini kwenye lile kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa utasikia padri, na kasisi utasikia. Ukimwita mchungaji hatokugombeza lakini waumini wake wataona hukujisumbua kuuliza. Na kwa askofu, Wakatoliki huandika Mhashamu mbele ya jina. Ndo nasema muulize mwenyewe, usikisie kwa kanisa.

Kijana wa Tanga
Naongezea upande wa masheikh maana huko nako watu wanachapia. Nilikuwa kwenye kongamano huko Unguja, mshereheshaji katoka bara, akamtambulisha mgeni kama sheikh wa Bakwata Zanzibar. Ukumbi ukaguna. Bakwata ni ya huku bara, Zanzibar mna Ofisi ya Mufti yenu na Mufti wenu. Na kadhi si mufti, kadhi yuko mahakamani anaamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Mtu akichanganya hivyo mgeni anaanza kwa kumsahihisha, inakuwa aibu kwa wote.

Mama Nasra
Jamani na mie nina jambo langu, mwanangu anaoa wiki ijayo na huyo ami yake anayeshika maiki ni mtu wa maneno mengi, nimkataze kumsifu sana sheikh atakayefungisha ndoa au nimuache tu?

Abuu Sabra
Dada hiyo harusi, wote wa dini moja, mwache asifu ila asichelewe kula 😄

Mwana wa Chake
Ahsanteni sana. Nishaandika, hebu niangalizieni: "Sasa namkaribisha mtumishi wa Mungu, baba yetu wa kiroho, mgeni wetu kutoka bara, atulishe neno. Tunajua dini zote ni sawa, ndugu zetu wasio Waislamu karibuni sana."

Bi Mkunazini
Moyo wako naujua mwanangu, ila tuyapange upya maana kila kipande kina shida yake.
"Baba yetu wa kiroho" si wa ukumbi mzima, ni wa waumini wake. "Mtumishi wa Mungu" vile vile, wenyewe kanisani wanasema na ni haki yao, wewe taja wadhifa tu. "Kutoka bara" umemuuliza? Wapo Wakristo wamezaliwa hapa hapa na wazee wao wamezikwa hapa, na kila siku wanaitwa watu wa bara, linawachoma kuliko unavyofikiri. "Atulishe neno" maana yake mahubiri, na wewe umemwita azungumze juu ya watoto. "Wasio Waislamu" unamtaja mtu kwa kitu asichokuwa nacho, sema Wakristo, sema waumini wa dini zote mliohudhuria. Na hilo la dini zote ni sawa liondoe kabisa, maana sheikh aliyekaa pale haamini hivyo na padri naye haamini hivyo, unawasemea kitu ambacho hawakukutuma.
Sema hivi: "Mzungumzaji wetu wa leo ni Padri (jina kamili), paroko wa parokia ya (mahali). Tumemualika kwa sababu anafanya kazi na familia zenye watoto waliodhalilishwa. Atazungumza kwa dakika 20 kuhusu namna ya kumsikiliza mtoto na wapi pa kuripoti. Padri, karibu sana." Hiyo ya kazi zake nimeibuni, weka alichokwambia mwenyewe kwenye simu. Basi hapo.

Mpemba halisi
Naunga mkono, na nyongeza moja. Kama siku hiyo na sheikh atasema, maelezo yao yalingane. Nimeona mahala sheikh kasomewa alikosoma, vitabu, wanafunzi wake, dakika tano nzima, halafu "na pia tunaye padri, karibu". Hakutukanwa mtu lakini kila mmoja kaelewa. Andika yote mawili kwenye karatasi moja, yasome kwa sauti nyumbani, utaona lipi refu.

Kijana wa Tanga
Na salamu? Huku bara wanasiasa wanapiga zote, Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Abuu Sabra
Mie siwezi kusema hizo mbili za mwisho, ni ibada ya watu. Nasema Assalaam alaykum halafu habari za asubuhi kwa wote.

Bi Mkunazini
Mie nimeona zote zikipokelewa vizuri na zote zikilalamikiwa. Mume wangu husema salamu ya kwake halafu habari za asubuhi, kama Abuu. Dada yangu Mkristo anasema akisikia Tumsifu Yesu Kristo kwa mtu asiyeamini anaona kama anaigizwa, lakini jirani yake wa kanisa hilo hilo anafurahi. Hapo sina jibu.

Mwana wa Chake
Nimeshampigia. Kazaliwa Wete 🙂 Na kaniambia nisimwite baba, niseme padri na jina lake. Swali moja limebaki, sheha anataka padri huyo huyo afunge mkutano kwa sala.

Mpemba halisi
Mwambie sheha ukimya wa dakika moja kila mtu aombe kwa dini yake, au sheikh na padri kila mmoja kwa zamu na utangaze mapema, ili asiyetaka kuitikia amina asione kategwa.