Saa inachemka ikiwa kwenye chaja na haifiki mia, shida betri au chaja?

BintiSegerea
Wakuu habari za jioni. Nina smatiwochi ile ya kuchaji kwa kidude cha duara chenye sumaku, unaibandika mgongoni inajichaji, haina waya wa kuchomeka kwenye saa. Sasa chaja iliyokuja nayo waya ulikatika pale shingoni, nikachukua nyingine Kariakoo, na toka hapo ndo vituko vikaanza. Usiku naiweka kitandani pembeni ya mto, asubuhi naikuta imegota sabini na kitu, mgongo wa moto kabisa, na usiku mzima inalia ile mlio wa kuanza kuchaji, inanyamaza, inalia tena. Fundi mmoja kaishika dakika mbili tu kasema betri imeanza kufa nitoe elfu sitini. Saa haijamaliza hata mwaka jamani. Nimeivalisha kava ya silikoni ile inayozunguka mpaka chini na mkanda wa chuma, kama hiyo inasaidia kujibu. Nifanyeje, na nifanyeje ikae miaka?

MzeeWaKimara
Binti pole. Betri za siku hizi zinataka nidhamu. Iache ishuke mpaka izime kabisa ndo uchaji, ikifika mia chomoa. Na usitumie adapta ya simu zile za kasi, inasukuma moto mwingi saa inaungua. Tafuta adapta ndogo ya zamani.

Kipanga_Mbagala
Hata yangu iligoma hivyo hivyo! Chukua mswaki mkavu na spiriti kidogo, sugua zile pini mbili za dhahabu nyuma ya saa, jasho linaganda pale. Yangu ilipona siku hiyo hiyo.

BintiSegerea
@Kipanga_Mbagala kaka yangu haina pini, mgongo ni kioo tupu.

Kipanga_Mbagala
Aaah basi sikusoma vizuri 😂 ila ufute jasho hata hivyo

KoiliNaWaya
Dada usitoe hiyo elfu sitini kwanza. Mlio unaojirudia usiku sio dalili ya betri kufa, ni dalili saa na chaja zinapotezana. Ndani ya kile kidude kuna koili ya waya, na nyuma ya kioo cha saa kuna koili nyingine ndogo. Umeme hauvuki kwa kugusana, unavuka kwa uga wa sumaku, na ili uvuke vizuri koili mbili lazima zitazamane katikati kwa katikati na ziwe karibu sana. Zikisogea pembeni milimita mbili tatu tu, au zikitenganishwa na kava, umeme unaoingia kwenye saa unapungua. Chaja nyingine hapo zinasukuma zaidi kufidia, na kinachopotea njiani kinageuka joto, kwenye koili zenyewe na kwenye vyuma vilivyo jirani, bodi ya saa na ganda la betri vikiwemo. Saa ikihisi imezidi joto inapunguza au inakata kuchaji, ikipoa inaanza tena. Huo ndo mlio wako.

Sasa wewe una vitu vitatu vinavyosukuma saa mbali na chaja. Kava inayopita chini inaacha uwazi. Mkanda wa chuma ukiwa umefungwa unafanya saa ilale kwa ubavu, au kidude kinakaa ndani ya duara la mkanda kimeinama. Na juu ya godoro kila ukigeuka kinasogea, halafu joto halina pa kutokea.

Jaribu hivi kesho ukiwa macho. Toa kava, fungua mkanda wote ulale bapa, weka chaja juu ya marumaru au meza ngumu, feni iwe inapita. Anza ikiwa thelathini hivi, uangalie imefika ngapi baada ya nusu saa, halafu ishike mgongo. Siku nyingine irudishe na kava yake, ianze asilimia ile ile, kwenye meza ile ile. Ukiona tofauti kubwa betri haina kosa.

Chapchap_Sinza
Mimi ikichemka naiweka friji dakika tano inakuwa poa kabisa

KoiliNaWaya
@Chapchap_Sinza acha kabisa hiyo mkuu. Hewa ya Dar imejaa unyevu, kitu cha baridi ukikitoa nje kinatoka jasho kama chupa ya soda, na saa inaweza kutoka jasho hilo kwa ndani. Itoe kwenye chaja iweke penye upepo, itapoa yenyewe.

Na mzee wangu wa Kimara shikamoo, kuhusu joto kuwa adui uko sahihi. Ila adapta haisukumi, saa na kile kidude ndo vinavuta vinachohitaji, hata adapta kubwa ya simu ikiwa nzima haina neno. Na ile ya kuishusha mpaka izime ilikuwa ya betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu hazipendi sifuri, na hazipendi kukaa mia huku zina joto. Hiyo ya pili ndo inazeesha haraka.

MzeeWaKimara
Marahaba. Lakini redio yangu mpaka leo naishusha mpaka mwisho na inadumu.

BintiSegerea
Nimerudi wakuu. Bila kava juu ya marumaru nusu saa imetoka 30 mpaka 58, mgongo vuguvugu tu. Na kava, meza ile ile, imetoka 30 mpaka 41 na chaja yenyewe ilikuwa ya moto kuliko saa. Kitu kimoja kimenishangaza, na kava sumaku bado inanasa! Mimi nilijua ikinasa tayari imekaa sawa.

KoiliNaWaya
Hapo ndo wengi wanaponaswa. Sumaku inavuta hata ikiwa mbali kidogo, haikuhakikishii katikati. Ikikaa sawa unaisikia inajivuta yenyewe pale kati na ukiitikisa haichezi. Ikiteleza ukigusa bado. Chaja kuwa ya moto kuliko saa, na asilimia zinapanda polepole, ujue umeme unapotea njiani.

Kuhusu miaka, chukua mfano wa Apple, wao wanasema betri ya saa yao imeundwa kubaki na hadi asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 1000 kamili. Ukitumia asilimia 70 kwa siku, mizunguko 1000 ni siku kama 1430, karibu miaka minne. Ila hiyo ni kwa betri isiyopikwa, na saa hiyo hiyo wameiandikia mazingira ya nyuzi 0 hadi 35. Chumba cha bati saa nane mchana mwezi wa pili kinapita hapo kirahisi. Kwa hiyo mimi nachaji alfajiri wakati naoga na kunywa chai, inatoka arobaini inafika themanini na kitu, naivaa. Kama saa yako ina mpangilio wa kuishia 80 uwashe. Na ukitoka mazoezi ifute jasho, ipoe kwanza ndo uibandike.

Mtaalam_Kigamboni
Yaani mnajitesa. Ukiishia 80 kila siku umejinyima asilimia 20 leo ili usizikose miaka mitatu ijayo, tofauti iko wapi? Mimi nalala nayo kwenye chaja, ikifa nanunua nyingine.

KoiliNaWaya
Kama inakutosha nenda nayo mkuu. Kwa anayelala na saa apimwe usingizi hiyo 20 ina maana, kwa anayeivua saa mbili usiku haina.

BintiSegerea
Mimi nalala nayo nimevaa, kwa hiyo asubuhi ndo muda wangu. Ila bila kava bado chaja hii ya Kariakoo inapata joto kidogo na ukiitikisa saa inacheza. Nibaki nayo au nitafute orijino?

Kipanga_Mbagala
Orijino bei gani sasa hivi? Shemeji yangu anauza, ila ni za pini