Naomba ushauri: kugeuza maswali ya asilimia na riba kuwa mlinganyo

Wakuu habari, namsaidia mdogo wangu worksheet ya hesabu, kukokotoa anajua vizuri tu, shida ni kutoka kwenye maneno kwenda kwenye mlinganyo. Mfano swali linasema bei imepunguzwa kwa 20% ikawa 960, bei ya mwanzo ilikuwa ngapi? Yeye anachukua 20% ya 960 anajumlisha, anapata 1152. Ukimwambia apunguze 20% kwenye hiyo 1152 inakuja 921.6, anaona kabisa haijarudi 960 ila hajui aanzie wapi. Nikamwandikisha bei ya mwanzo ni x, zimebaki 80% za x, so 0.8x = 960, x = 1200, hapo akaelewa fresh.

Sasa kwenye riba anarudi kulekule. Jumla baada ya miaka 2 kwa riba ya kawaida ya 5% kwa mwaka ni 660, yeye anaiweka 660 kama mtaji wakati ilitakiwa P + 0.1P = 660, yaani P = 600. Cha ajabu uwiano hamsumbui, 3:5 anaandika 3k na 5k mwenyewe.

Walimu mliopo humu, mnamfundishaje mtu ajiulize "asilimia ya nini" kabla hajashika kalkuleta?