Kisumu asilimia 6.5 au 5.5? Utafiti ni uleule, tovuti ni mbili. Nitaje ipi redioni?

Mtangazaji_Kondele: Habari zenu wadau. Naandaa kipindi cha redio hapa Kisumu kuhusu korona ilivyosambaa kwetu mwaka 2020. Nimepata utafiti uliopima kingamwili katika damu ya wachangiaji kote Kenya, damu iliyotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni mwaka huo. Sasa nimeupata mara mbili. Kwenye medRxiv, tovuti ya makala za afya ambazo bado hazijachapishwa jaridani, Julai 2020, Kisumu ni asilimia 6.5. Kwenye jarida la Science, Novemba, Kisumu ni 5.5. Nchi nzima nayo imeshuka kutoka 5.2 hadi 4.3. Waandishi ni walewale, sampuli ni zilezile 3,098. Je, mara ya kwanza walidanganya?

Omosh_Nakuru: Tupa ya medRxiv, chukua ya jarida. Kule mtu yeyote anapandisha chochote, hakuna anayesoma.

Mtakwimu_Milimani: Omosh, umepatia nusu. Makala hukaguliwa kabla ya kuwekwa: kama ni utafiti kweli, kama imeibwa, kama inaweza kuhatarisha afya ya watu. Kisichofanywa ni kuuliza kama hesabu na hitimisho vinasimama. Ndiyo maana kuna onyo juu ya ukurasa kwamba haijapitiwa na wataalamu wenza, isitumiwe kuongozea matibabu.

Mtangazaji, hawakudanganya. Waliokutwa na kingamwili hawakubadilika: 174, yaani 5.6 kwa mia. Kilichobadilika ni makadirio ya uwezo wa kipimo. Chukua watu 1,000. Kipimo kinasema 56 wanazo. Lakini kipimo hicho humsingizia karibu mtu 1 katika kila 100 ambao hawajaambukizwa, kwa hiyo toa 10, wabaki 46. Kisha uliza: kati ya walioambukizwa kweli, kinawanasa wangapi? Makala ya Julai ilikadiria 83 kwa mia, kwa hiyo 46 wanawakilisha watu kama 55. Ya Novemba ilikadiria karibu 93 kwa mia, na 46 haohao sasa wanawakilisha kama 49. Kipimo kikiaminika zaidi, waliokosekana wanapungua, na asilimia inashuka. (Hesabu yao halisi inazingatia pia umri, jinsia na eneo, ndiyo maana tarakimu zangu hazilingani na zao.)

Mtangazaji_Kondele: Asante sana mwalimu. Kwa hiyo wapitiaji wa jarida ndio waliogundua?

Mtakwimu_Milimani: Hilo hakuna tovuti kati ya hizo mbili inayokwambia. Huenda wapitiaji waliuliza, huenda waandishi wenyewe walipata sampuli zaidi za kujaribia kipimo. Ukurasa wa jarida unaonyesha matokeo ya mwisho, hauonyeshi mabishano. medRxiv angalau huhifadhi kila toleo, ukaweza kulinganisha mstari kwa mstari. Bila toleo la Julai usingejua kwamba tarakimu iliwahi kuwa nyingine.

Nesi_Kakamega: Samahani naingilia. Jarida moja lilinikubalia makala yangu chini ya wiki, halina swali hata moja, wanadai ada tu. Je, hiyo nayo imepitiwa na wenza?

Mtakwimu_Milimani: Dada, usilipe bado. Tazama makala zao nyingine, tarehe za `Received` na `Accepted`. Zikiwa zimepishana siku chache kila mara, hakuna aliyesoma. Na hata jarida kubwa huteleza. The Lancet ilichapisha utafiti wa dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona tarehe 22 Mei 2020, ukaondolewa tarehe 4 Juni, kwa sababu waandishi watatu walishindwa kuthibitisha data iliyokuwa mikononi mwa kampuni moja. Wapitiaji husoma makala, mara nyingi data ghafi hawaioni.

Omosh_Nakuru: Bado nasema aseme 5.5.

Mtakwimu_Milimani: Hapo tuko pamoja. Ukikuta makala medRxiv, tafuta chini ya kichwa maneno `Now published in`, yatakupeleka kwenye jarida. Yasipokuwepo usikate tamaa. Mfumo hulinganisha vichwa na majina, na kichwa kikibadilishwa sana kiungo hukosekana. Tafuta kwa jina la mwandishi wa kwanza.

Achieng_Maabara: Kwa heshima, mwalimu, tunabishania asilimia moja huku tukisahau nani alipimwa. Hawa ni wachangiaji damu. Watoto hawamo, wazee sana hawamo, na aliyekuwa na homa siku ile alirudishwa nyumbani. Waandishi wamelisema wazi, na jarida halikuliondoa. Tena sampuli za kaunti moja ni chache, kwa hiyo masafa ya makadirio ya Kisumu, kutoka chini hadi juu, ni mapana kiasi kwamba 5.5 na 6.5 zinaingia zote ndani. Mimi ningetamka "karibu mchangiaji damu 1 katika kila 18", si "mkazi wa Kisumu".

Mtangazaji_Kondele: Dada Achieng, mhariri wangu anataka neno "wakazi" kwenye kichwa cha habari. Nitamwonyesha ujumbe wako kesho asubuhi kabla hatujarekodi.