Nijibu vipi tangazo la kazi kwenye grupu la wahasibu? Nina rasimu tatu, nichagulieni

Kasuku_wa_Leja:
Wakuu habari za leo. Kuna nafasi ya Mhasibu Mwandamizi imepostiwa kwenye grupu letu la wasapu la wahasibu, kiwanda cha alizeti Singida. Naitaka kweli hii kazi. Nataka kujibu kwa ufupi pale pale kwenye grupu nioneshe nia na niulize swali moja tu la maana, nimeandika tatu nashindwa kuchagua:

1. "Habari mkuu, nina nia na hii nafasi. Mshahara ni kiasi gani?"
2. "Habari mkuu, nina nia. Aliyebakiza karatasi moja ya CPA anaweza kuomba?"
3. "Habari mkuu, nina nia. Hesabu za mwaka jana zimeshafungwa na kukaguliwa au atakayeingia ndiye atazifunga?"

Ipi niitume? Mwisho wa maombi ni Ijumaa.

FungaMwezi:
Mkuu umeleta nusu ya habari. Aliyeposti ni mwenye kazi au kafowadi tu kutoka grupu jingine? Maana ukimuuliza mtu aliyefowadi kama hesabu zimefungwa atakujibu nini yule. Halafu bosi wako wa sasa yumo kwenye hilo grupu au hayumo?

MamaTumaini:
Na tangazo lenyewe linasemaje? Tubandikie hapa, ondoa jina la kampuni na namba za simu.

Ndege_wa_Mwanza:
Mimi nina diploma ya uhasibu na uzoefu miaka miwili kwenye duka la jumla, nipo tayari kuhamia Singida hata kesho. CV naituma wapi mkuu?

Kasuku_wa_Leja:
@Ndege_wa_Mwanza kaka kazi si yangu, na mimi naiomba. 

Wengine samahani, nilikuwa na haraka. Aliyeposti ni meneja wa fedha wa kiwanda mwenyewe, yumo grupuni siku nyingi. Tangazo linataka digrii ya uhasibu, CPA(T), uzoefu miaka mitatu na iwe kiwandani kama inawezekana, kituo cha kazi Singida, aanze mara moja, maombi kwa imeili. Mshahara kaandika "wa kuridhisha". Mimi nina miaka mitano kiwanda cha maturubai Dar, karatasi moja ya CPA nimeifanya mwezi wa tano nasubiri matokeo. Bosi wangu hayumo grupuni ila kuna watu wawili wa ofisini kwetu wamo.

Zuio_la_Kodi:
Tuma namba 1. Mtu mzima haombi kazi bila kujua analipwa nini. "Mshahara wa kuridhisha" unamridhisha nani? Wengi mnafika intaviu ya tatu ndo mnaambiwa laki sita, nauli ya Singida ishaenda.

MamaTumaini:
Zuio nakuelewa, lakini si kwenye grupu la watu mia na kitu. Mimi naajiri wahasibu, nafasi moja napata majibu kama arobaini, thelathini ni "nina nia", "niangalie na mimi bosi", na hiyo ya mshahara. Meneja hawezi kutaja mshahara mbele ya watu ambao baadhi ni wafanyakazi wake anaowalipa pungufu ya hapo. Hata kama angependa kukujibu umemfunga mdomo. Swali la grupuni liwe lile ambalo anaweza kulijibu hadharani bila kuaibika, na jibu lake likusaidie kuamua. La mshahara mpelekee inboksi akishakuonesha kwamba kakuona.

Tope_la_Rukwa:
Mimi natetea namba 3 na nitaeleza kwa nini, mnivumilie ni ndefu. Niliwahi kuona tangazo kama hilo, kampuni ya usafirishaji wa mizigo, siitaji, "mhasibu aanze mara moja". Intaviu ikaenda vizuri, mshahara mzuri, wiki inayofuata nikaripoti. Nikaomba leja, naambiwa mwenzangu aliondoka na kila kitu kipo kwenye faili. Faili ni risiti kwenye maboksi. Rikonsilesheni ya benki haijafanywa tangu mwaka uliopita. Nikafungua ritani za VAT nikalinganisha na ripoti za Z za mashine ya EFD, mauzo kwenye ritani ni madogo kuliko yaliyotoka kwenye mashine, na ile mashine inatuma mauzo TRA yenyewe, yaani wao tayari wanaona tofauti, ni suala la lini watauliza. Nikaenda kwenye mishahara, PAYE imekatwa kwa madereva kila mwezi lakini kupeleka imepelekwa miezi michache tu. NSSF hivyo hivyo, dereva anaangalia salio lake anakuta pengo anakuja mezani kwangu anapiga kelele na mimi hata mwezi sijamaliza. Barua ya TRA ilipofika mkurugenzi akasema muoneni mhasibu. Mhasibu ndo mimi! Ritani sikuzijaza mimi lakini anayekaa kwenye kiti ndiye anayejibu. Niliondoka kabla ya majaribio kuisha, nikakaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Swali kama hilo la namba 3 lingenionesha yote hayo mapema. Ukiona "aanze mara moja" ujue kuna moto.

FungaMwezi:
Pole sana Tope. Ila "aanze mara moja" si lazima iwe moto. Inawezekana mhasibu wao kaenda likizo ya uzazi, siku 84 hizo, wanataka mtu wa kushika nafasi. Au kapata kazi serikalini kaondoka na notisi ya siku 28. Hilo neno peke yake halitoshi kuhukumu.

MamaTumaini:
Tope pole mdogo wangu, hayo yapo na yanaumiza. Swali lako ni la haki kabisa na Kasuku lazima aliulize, ila aliulize intaviu, au inboksi. Ukiuliza grupuni "hesabu za mwaka jana zimekaguliwa?" unamuuliza meneja wa fedha mbele ya wahasibu wenzake kama kazi yake imemshinda. Hata kama zimefungwa vizuri atakasirika. Na kama hazijafungwa hatakwambia ukweli pale, atasema zipo kwenye hatua za mwisho, jibu ambalo halikusaidii chochote.

Zuio_la_Kodi:
Kwa hiyo na wewe unasema namba 2?

MamaTumaini:
Hapana. Namba 2 ni ya inboksi vilevile. Ukiuliza grupuni, kitu cha kwanza meneja anachokijua kuhusu wewe ni ulichokosa. Miaka mitano ya kiwanda hajaiona popote.

FungaMwezi:
Hapo dada nakataa. CPA(T) imeandikwa kama sharti, kama hawapokei aliyebakiza karatasi bora ajue leo asihangaike. Na jibu litawasaidia wengi grupuni wenye hali kama yake, hilo ndo swali la hadharani hasa kwa kipimo chako mwenyewe ulichotoa juu. Mimi nimewahi kuona tangazo la hivyo na mwajiri akasema leteni hata waliobakiza moja.

MamaTumaini:
Una hoja, ni kweli anaweza kulijibu bila kuaibika. Bado ningemshauri aseme kwenye barua ya maombi, wazi, "karatasi ya mwisho nimeifanya Mei nasubiri matokeo", asifiche maana NBAA mwajiri anaweza kuulizia. Pale grupuni atumie nafasi yake moja kuonesha anaijua kazi.

Kasuku, kiwanda cha alizeti si sawa na cha maturubai. Nyie mnanunua malighafi kwa ankara kutoka kwa wauzaji wachache. Wa alizeti msimu ukifika ananunua kwa wakulima na mawakala wengi, wengine fedha taslimu, kule vituoni. Wakala anapewa masurufu anaingia kijijini, anapima kwa mzani wake, anarudi na magunia na karatasi. Mzigo ukifika kiwandani unapita mzani mkubwa, kilo hazilingani. Mbegu zimekauka njiani, au mzani wa kijijini mbovu, au wakala kaandika kilo hewa. Hiyo tofauti inakaa kwenye hesabu za nani? Kama malipo yanafanyika ofisi ya Singida, inakaa kwako wewe. Kama wakulima wanalipwa kwa simu kutoka makao makuu wewe unalinganisha tu tiketi za mzani na malipo. Hizo ni kazi mbili tofauti kwa cheo kimoja. Mimi ningeandika hivi:

"Habari Meneja, nimeiona nafasi ya Mhasibu Mwandamizi Singida na ninaiomba. Nina miaka mitano kwenye hesabu za kiwanda, nafunga mwezi na kuandaa ritani za VAT na PAYE. Naomba kuuliza moja: msimu wa ununuzi, masurufu ya mawakala na malipo ya wakulima yanasimamiwa na ofisi ya Singida au makao makuu? Maombi natuma leo kwa imeili uliyoweka."

Kasuku_wa_Leja:
Dada asante sana, hili sikuliwaza kabisa. Wasiwasi wangu ni wale wawili wa ofisini wataona.

FungaMwezi:
Basi tuma yote inboksi. Meneja yumo grupuni, namba yake unayo.

Tope_la_Rukwa:
Inboksi wanajaa pia. Ila kweli kama bosi wako ni wa kisirani usijitangaze.

Zuio_la_Kodi:
Mimi bado sijaridhika na mshahara. Tuseme akwambie milioni moja na nusu, ukipiga PAYE kwenye grosi yote hiyo hamna kitu kinabaki Singida.

MamaTumaini:
Haipigwi kwenye grosi yote Zuio. NSSF yake inatoka kwanza, asilimia 10, ni 150,000, inabaki 1,350,000 ndo inakatwa kodi. Kwa jedwali la Bara ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni, yaani 105,000, jumla 233,000. Mkononi 1,117,000. Kwa hiyo akifika kwenye kuongea mshahara aulize kama waliyotaja ni grosi au ya mkononi, tofauti ni karibu laki nne.

Ndege_wa_Mwanza:
Na mwenye mkopo wa bodi?

FungaMwezi:
Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama yote ni mshahara wa msingi ni 225,000 nyingine, unabaki na 892,000.

Zuio_la_Kodi:
Sasa si ndo nilichosema! Mtu aache Dar kwa laki nane na tisini? Aulize mshahara.

Kasuku_wa_Leja:
Mkopo ninao. Imeili nimeshatuma na suala la karatasi nimeliandika wazi. Ya dada Mama Tumaini naipeleka inboksi jioni. Hilo la hesabu za mwaka jana nalitunza nikiitwa. Kuna anayejua nyumba ya vyumba viwili Singida mjini inakwenda shilingi ngapi kwa mwezi?

Tope_la_Rukwa:
Usisahau kuomba uoneshwe ritani tatu za mwisho za VAT kabla ya kusaini, wakikataa uwaulize sababu.

FungaMwezi:
Hakuna mwajiri atakayemuonesha mtu wa nje ritani, Tope. Labda amuulize tu huwa wanapeleka tarehe ngapi.

Tope_la_Rukwa:
Wote wanajua kusema tarehe 20. Kupeleka ni jambo jingine.