Nimechoka! Naandika 285-286, karatasi inatoka 286-285

MchapajiArua
Jamani, nina hasira. Nachapa kazi za watu hapa Arua. Wiki hii ustadhi mmoja kaniletea daftari lake la masomo ya madrasa: maelezo kwa Kiswahili, majina ya sura kwa herufi za Kiarabu, kisha namba za aya. Kurasa 38. Nimechapa siku tatu, nikatoa nakala 60. Ustadhi kafungua ukurasa wa kwanza, kanyamaza, halafu kaniuliza: "Mwanangu, Qur'ani unaisomesha watoto kinyumenyume?"

Angalieni wenyewe, naandika hapa kama nilivyoandika kule:

Soma البقرة 285-286 kabla ya kulala.

Wallahi nilibonyeza 285 kwanza. Namba zimerukia kushoto kwa jina la sura, na 286 imetangulia. Nafuta, naandika upya, inarudi vilevile. Nataka kusahihisha, nabonyeza mshale wa kulia, nikifika kwenye Kiarabu kishale kinakwenda kushoto! Nakala zote 60 zimenirudia, karatasi na wino juu yangu. Nani aliamua kwamba nilichoandika mimi kihamishwe bila kuniuliza?

KijanaWaMbale
Kaka, mbona rahisi. Weka kishale kwenye hiyo paragrafu, bonyeza Ctrl na Shift ya kulia. Itaanzia kulia. Mimi dua zangu nafanya hivyo na zinakaa sawa.

MchapajiArua
Nimefanya. "Soma" limehamia ukingo wa kulia, "kabla ya kulala" limekwenda kushoto kabisa, na nukta ya mwisho imekaa mbele ya "kabla". Na 286 bado imetangulia! Dua zako ni Kiarabu kitupu, ndugu yangu. Mimi nina Kiswahili chenye neno moja la Kiarabu katikati.

BintiBombo
Hata mimi kibodi ya Kiarabu imenitesa. Nanakili barua za marehemu bibi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi ya p siioni, ya ch siioni. Nyie mnabonyeza wapi?

MzeeWaHati
Mchapaji, pole sana. Hasira yako ni ya haki, ila kibodi yako haina kosa. Herufi zina upande wake. Namba, nafasi na kistari havina, vinafuata majirani. Ukishaandika البقرة, kompyuta inadhani bado uko ndani ya Kiarabu. Basi inaweka 285 kushoto kwa jina, kisha kistari, kisha 286. Ukisoma kutoka kulia, mpangilio ni sawa kabisa. Ndiyo maana hukuona 582: namba yenyewe haigeuki ndani.

Jaribu 2:255 baada ya jina la sura. Itahama kushoto, lakini haitapinduka, kwa sababu nukta mbili katikati ya tarakimu zinahesabiwa kuwa sehemu ya namba. Kistari kilichokuja baada ya Kiarabu hakipewi heshima hiyo. Ukiona hivyo, ujue ugonjwa ni huu.

Dawa ni alama isiyoonekana, U+200E, ambayo kompyuta inaichukulia kama herufi ya kushoto kwenda kulia. Kwenye LibreOffice iko Insert > Formatting Mark > Left-to-Right Mark. Usipoiona, kwanza washa Complex text layout kwenye Tools > Options, upande wa lugha. Iweke mara tu baada ya herufi ya mwisho ya Kiarabu, kabla ya nafasi. Ukiiweka baada ya namba haisaidii kitu.

Binti, ongeza kibodi ya Kiajemi, ina پ na چ.

MchapajiArua
Imekaa! 285-286, kulia kwa jina, kama nilivyoandika. Lakini Mzee, sehemu kama hizi ni zaidi ya mia. Niziwekee moja moja kwa mkono?

MzeeWaHati
Hapana. Tengeneza nakala ya faili kwanza. Fungua Find & Replace, weka tiki kwenye Regular expressions, tafuta hivi:

```
([\u0600-\u06FF]) ([0-9])
```

Kwenye Replace andika `$1`, bandika ile alama, uinakili kwanza pale ulipokwisha kuiweka, kisha weka nafasi, malizia na `$2`.

MchapajiArua
Nyingi zimenyooka, Mungu akulipe. Zimebaki zile ambazo ustadhi aliweka jina la sura ndani ya mabano. Hapo namba hazikuhama, ziko kulia kwa mabano, lakini 286 bado inatangulia 285. Nimehesabu, ziko 17, na ustadhi anakuja baada ya Alasiri. Alama naiweka ndani ya mabano au nje?

KijanaWaMbale
Futa tu mabano, kaka.

MchapajiArua
Maandishi si yangu, siwezi kufuta cha mtu.